Kitini au nyuma ya kiti? Kumpangia mzee nafasi yake katika darasa la mazoezi mepesi

Kila anayeanzisha darasa la mazoezi ya wazee, iwe kwenye baraza la nyumba kule Mikindani au kwenye ukumbi wa kata Nachingwea, hufika mahali pa kuamua: wazee wakae vitini mwanzo hadi mwisho, au wasimame wakiwa wameshika kiti? Wengi huchagua kiti, kwa kuwa mtu aliyekaa haanguki kirahisi. Ni kweli, darasani haanguki. Lakini mzee huanguka uani anapogeuka na ndoo ya maji, anapotoka chooni usiku, anapovuka kizingiti gizani. Nyakati zote hizo amesimama, na mwili hujifunza kile unachofanyishwa.

Ulinganisho huu unahusu namna hizo mbili, kitini na nyuma ya kiti, ili kiongozi ajue nani akae, nani asimame, na kwa zoezi gani.

Kila namna inajenga nini

Mazoezi ya kitini si mchezo. Mzee aliyekaa wima, mgongo haujaegemea, anaponyoosha goti moja hadi mguu uwe sawa na sakafu, akakaza paja kwa sekunde 5 kisha akashusha polepole, mara 8 hadi 10 kila mguu, misuli ya mapaja imefanya kazi ya kweli. Mikono ikinyanyua chupa za nusu lita zilizojaa maji, mabega nayo yamepata lao. Kwa mwenye goti lililovimba, aliyebakiwa na udhaifu wa upande mmoja baada ya kiharusi, au anayeshikwa na kizunguzungu akisimama, kiti ndicho kinachomwezesha kuwemo darasani.

Kinachokosekana kitini ni kitu kimoja, nacho ni kikubwa. Mtu akisimama, mwili wake hauko tuli hata kidogo. Unayumba kwa kiasi kidogo muda wote, na vifundo vya miguu pamoja na nyonga vinaurudisha kabla mwenyewe hajajua. Akikaa, makalio na mapaja yamekuwa msingi mpana, vifundo havina cha kurudisha, na kazi hiyo haifanyiki. Ndiyo maana mzee anaweza kukaa kitini darasani miezi sita, mapaja yakapata nguvu, lakini akisimama bado anayumba vilevile.

Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ilionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwa takriban asilimia 23, na ushahidi wenye uzito zaidi ulikuwa wa mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, na ya matendo ya kila siku kama kuinuka na kupiga hatua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi yenye mizani na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Kwa hiyo, kama lengo la darasa ni wazee wasianguke, lazima sehemu yake ifanyike kwa kusimama. Kiti ni kwa wale ambao kusimama kwao leo kuna hatari kuliko faida, na kwa yale mazoezi ambayo kiti kinayafanya vizuri zaidi.

Vipimo viwili kabla ya kumpangia mtu

Umri haukuambii kitu cha kutosha, na umbo hudanganya. Pima. Lakini kabla ya kupima, uliza. Mwenye maumivu ya kifua, anayehema sana kuliko wiki iliyopita, aliyeanguka siku za karibuni na bado nyonga inauma, au ambaye mashine ya presha inaonyesha 180 kwa 110 au zaidi akiwa amepumzika, huyo aende zahanati kwanza. Hafanyi mazoezi siku hiyo, hata ya kitini.

Kipimo cha kwanza ni kuinuka. Tafuta kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi kutoka sakafuni hadi pa kukalia, kisukumie ukutani. Mzee akae katikati ya kiti, mikono ameikunja kifuani, nyayo zimekaa sakafuni. Kwa sekunde 30, hesabu mara ngapi anasimama wima kabisa na kukaa tena. Akitumia mikono, matokeo ni sifuri, ila usimtangazie mbele ya wenzake. Kwa miaka 70 hadi 74, mwanamke aliyepata chini ya 10 na mwanamume aliyepata chini ya 12 wana miguu dhaifu kuliko rika lao. Kwa miaka 80 hadi 84, mpaka ni 9 kwa mwanamke na 10 kwa mwanamume.

Kipimo cha pili ni nyayo. Mzee asimame kando ya ukuta, wewe ukiwa upande wa pili karibu naye, macho wazi, bila kushika. Hatua ya kwanza, nyayo zimebanana pamoja. Ya pili, mguu mmoja umesogezwa mbele nusu, kidole gumba cha mguu wa nyuma kikigusa ubavu wa kisigino cha mguu wa mbele. Ya tatu, mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Kila hatua sekunde 10. Anayeshindwa hatua ya tatu yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka.

Tazama vidole vya miguu wakati wa hatua hiyo ya tatu. Mizani inapoanza kupotea, vidole hukunjamana na kung'ang'ania sakafu, kishipa cha mbele ya kifundo huchomoza na kulegea, huchomoza na kulegea, kisha ndipo mkono unarukia ukutani. Ukizoea kuona vidole, utajua sekunde mbili kabla ya mzee mwenyewe. Kwa sababu hiyo, avue kandambili. Peku kwenye sakafu safi, au raba zilizofungwa kamba.

Kutokana na vipimo hivyo, mpangilio ni huu. Asiyeweza kuinuka bila mikono anafanya kitini, na kuinuka kwa kusukuma mapaja au mikono ya kiti ndilo zoezi lake kuu. Anayeinuka lakini hawezi kubanana nyayo kwa sekunde 10 naye anakaa, ila kila siku ya darasa anasimama kwa dakika chache kati ya ukuta na kiti, msaidizi akiwa ubavuni. Anayefika hatua ya pili lakini si ya tatu, huyo ndiye hasa wa nyuma ya kiti, na ndiye atakayefaidi kuliko wote. Anayemaliza ya tatu anafanya hapohapo kwa kushika kidogo zaidi.

Wazee wawili, majibu mawili

Tuseme amekuja babu wa miaka 72, kifua kipana, anatembea bila bakora. Ameinuka mara 13. Kwa macho tu ungempeleka mbele asimame huru. Lakini kwenye nyayo, hatua ya tatu amedumu sekunde 3. Ukimuuliza, ana kisukari cha miaka mingi na nyayo zina ganzi, anahisi kama amekanyaga pamba. Miguu ina nguvu, ila haimpi habari ya sakafu. Huyu anasimama nyuma ya kiti kwenye pembe ya kuta mbili, mikono miwili, macho wazi daima. Usimwambie afumbe macho hata siku moja, maana macho ndiyo yanayofanya kazi ya nyayo. Kuinuka kitini anaweza kufanya mara nyingi kuliko wenzake.

Pembeni yake yuko bibi wa miaka 74, mwembamba, magoti yanamuuma, anasali akiwa ameketi. Ameinuka mara 7 tu, kwa sura ya maumivu. Ungemweka kitini moja kwa moja. Lakini hatua ya tatu ameimaliza sekunde 10 bila kutikisika. Shida yake ni magoti, mizani anayo. Kwa hiyo mazoezi ya visigino, ya mguu pembeni na ya mstari mmoja anafanya amesimama, akishika kidogo. Ikifika zamu ya kuinuka kitini, awekewe viti viwili vya plastiki vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, ili kimo kiongezeke na goti lisikunjwe sana. Anafanya mara 5, anapumzika, mara 5 tena.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu: unampangia mtu zoezi kwa zoezi. Humpangii upande mmoja na kumwacha huko.

Zoezi moja, namna mbili

Ukilielewa hilo, darasa la mchanganyiko halikusumbui. Kundi zima linafanya zoezi lilelile kwa mpigo mmoja, wa mbele wamekaa, wa nyuma wamesimama.

| Kusudi | Kitini | Nyuma ya kiti |
|---|---|---|
| Vifundo | Inua visigino vyote, kisha vidole, mara 10 | Inua visigino mara 10. Kuinua vidole ni ukutani tu |
| Nyonga | Sogeza mguu mmoja pembeni na kuurudisha, mara 8 | Inua mguu pembeni sentimita 15 hivi, mara 8, kiwiliwili wima |
| Mapaja | Nyoosha goti, kaza sekunde 5 | Kunja magoti kidogo kama unayetaka kukaa, mara 8 |
| Mizani | Egemea tako moja, kisha jingine, mikono mapajani | Nyayo kwenye mstari mmoja, sekunde 10, mara 2 kila upande |

Kuinua vidole ukiwa umesimama kumewekewa sharti la ukuta kwa sababu uzito unarudi visiginoni, na mtu huanguka kinyumenyume. Asimame mgongo ukiwa umbali wa kiganja kutoka ukutani.

Mizani ifanywe mapema, baada tu ya dakika 8 hadi 10 za kupasha mwili joto, kabla mapaja hayajachoka. Viongozi wengi huiweka mwishoni kama kitu chepesi cha kumalizia, na hapo ndipo miguu inatetemeka na mtu anakosa mguu. Baada ya mizani ndipo mapaja na kuinuka, kisha mabega, kisha kutuliza. Dakika 40 zinatosha. Kipimo cha uzito wa zoezi ni mdomo: mzee aweze kuzungumza, ila asiweze kuimba. Akinyamaza kimya huku shingo imekaza, amezuia pumzi, na presha inapanda. Mfanye ahesabu kwa sauti pamoja nawe, maana anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Kwa wenye mifupa dhaifu au mgongo uliopinda, acha kabisa kuinama kugusa vidole na kupinda kiuno kwa nguvu, kitini na hata wima. Kuzungusha kichwa duara zima nako kuache kwa wote. Geuza shingo kulia na kushoto, polepole, inatosha.

Kiti chenyewe

Kiti kizuri cha kukalia si lazima kiwe kizuri cha kushika. Kiti cha plastiki, kile tulicho nacho kila harusi na kila msiba, kinafaa kukalia kikiwa hakijapasuka na kimesukumwa ukutani. Kikikaa juani miaka kadhaa, plastiki huwa kavu na miguu hufunguka ghafla. Kibonyeze kwa uzito wako kwanza, na kikiwa na mstari mweupe kwenye kona ya mguu, kiondoe.

Kwa kushika, kiti hichohicho ni chepesi mno. Mzee akikivuta, kinamfuata. Dawa yake ni kukigeuza ili mbele yake iguse ukuta, kisha kuweka dumu la lita 10 lililojaa maji pale pa kukalia, sehemu ya mbele karibu na ukuta. Kilo 10 hizo zinazuia kiti kupinduka kuelekea kwa mzee. Bora zaidi ni kiti kizito cha mbao, meza ya mninga, au nguzo na ukuta mfupi wa baraza ulio sawa na kiuno. Neno la kurudia darasani ni moja: "Bibi, bonyeza kiti, usikivute."

Sehemu ya chini inahitaji jicho. Kwenye mchanga, miguu ya kiti inazama upande mmoja na nyayo hazipati mahali imara, kwa hiyo mazoezi ya wima yafanywe kwenye sementi au ardhi ngumu, na waliokaa ndio wabaki mchangani, viti vikiwa juu ya ubao. Sementi yenye vumbi la mchanga huteleza kuliko mchanga wenyewe, ifagie kila siku ya darasa. Mkeka haufai kusimamia. Chini ya mkorosho kuna kivuli kizuri, lakini msimu wa mabibo, matunda yaliyopasuka hufanya ardhi iteleze kama sabuni. Na kanga inayofika kisiginoni ipandishwe na kufungwa vizuri, kwa sababu anayerudi nyuma huikanyaga mwenyewe.

Kushika kunapungua vipi

Nyuma ya kiti, maendeleo hupimwa kwa mkono. Anza kwa mikono miwili, viganja vyote. Akiweza sekunde 10 bila kuyumba katika madarasa matatu mfululizo, nenda mkono mmoja. Kisha vidole viwili. Kisha mikono ikielea sentimita 5 juu ya kiti, tayari kushuka. Badilisha kimoja tu kwa wakati: ukipunguza mkono, usiongeze ugumu wa nyayo siku hiyohiyo.

Kosa linalojitokeza zaidi ni kubana kiti hadi vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Mzee anaonekana imara, kumbe mikono ndiyo inayomsimamisha na miguu haijifunzi kitu. Zoezi limekuwa gumu mno kwake, kwa hiyo panua nyayo kidogo, mkono utalegea wenyewe. Kosa la pili ni kutazama miguu. Kichwa kikishuka, mwili unafuata mbele. Mpe kitu cha kutazama sawa na macho, mnazi ulioko mbele au dirisha.

Msaidizi mmoja awaangalie wazee wanne au watano waliosimama. Asimame ubavuni, nyuma kidogo, upande ulio dhaifu, mkono wake ukiwa karibu na kiuno. Asimshike mzee mkono, kwani akianguka watavutana. Kanga iliyokunjwa mara mbili na kufungwa kiunoni ni mshikio mzuri. Kwa adabu, msaidizi wa kina bibi awe mwanamke, na aombe ruhusa kwanza baada ya shikamoo: "Niruhusu, bibi, niweke mkono hapa."

Mwisho wa darasa, hasa kwa waliokaa

Watu huogopa dakika za mizani. Kwa waliokaa, hatari iko wanapoondoka. Baada ya dakika 40 kitini, damu imetulia miguuni, na wengi wanatumia dawa za presha. Mtu anainuka ghafla akamsalimie mwenzake, kichwa kinakuwa chepesi, anakwenda chini. Ukiwa na mashine, pima presha akiwa amekaa, kisha baada ya dakika 1 na dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwandikie akaonane na mganga kuhusu dawa zake, na darasani awe wa kitini kwa sasa.

Kwa wote, utaratibu ni huu: inua visigino na vidole mara 20 ukiwa umekaa, sogea ukingoni mwa kiti, simama ukishika, hesabu hadi 10 pale pale, ndipo upige hatua ya kwanza.

Saa za darasa nazo zinaamua nani akae. Joto na unyevu wa pwani ya Lindi na Mtwara humchosha mzee haraka, kwa hiyo saa 12:30 hadi 1:15 asubuhi panafaa, kila mtu akiwa amekunywa maji. Ramadhani, waliofunga wasifanye mizani ya wima mchana. Wapewe dakika 20 za kitini, au darasa lihamie baada ya futari. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi asifanye mazoezi akiwa amefunga kabla ya kuongea na mganga wake. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho baridi au kuongea ovyo, mkalishe na umpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji mara moja, funga au si funga, almradi ana fahamu na anaweza kumeza.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wazee wengi wanashinda wameinama wakiokota. Wakija darasani mgongo umechoka na mapaja yanatetemeka hata kabla ya kuanza. Siku hizo rudia kipimo cha nyayo mlangoni, hatua ya tatu tu, sekunde 10. Anayeshindwa leo akae leo, hata kama juma lililopita alikuwa kwenye vidole viwili.